Mstari kwenye skani: kwa nini kufuta kioo mara nyingi hakusaidii

Msimu wa kuomba ajira na mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Dodoma, kuanzia Majengo mpaka zile zilizojipanga karibu na chuo kikuu, hujaa watu wenye vyeti mkononi. Hapo ndipo ubishi unapozuka. Cheti chenyewe ni safi, lakini skani inatoka na mstari mwembamba kutoka juu hadi chini, na kwa bahati mbaya umepita juu ya jina au namba ya cheti. Mwenye duka anafuta kioo, anaskani tena, mstari uko palepale. Anafuta kwa nguvu zaidi, mpaka kioo kinang'aa, na mstari haujasogea hata kidogo.

Kisha kila aliye kwenye foleni anatoa lake. Huyu anasema wino umeisha, yule anasema kompyuta ina virusi, mwingine ameshaamua kwamba skana imekufa na inunuliwe nyingine. Wote watatu mara nyingi wamekosea, na anayefuta kioo naye anahangaika na mahali ambapo tatizo halipo. Ukielewa jinsi skana inavyosoma karatasi, utajua kwa nini, na utajua pia pa kutafuta.

Tuanze na majina ya vitu. Skana ninayoizungumzia hapa ni ile ya kulaza karatasi: ina kioo juu, ina mfuniko, na inaweza kuwa peke yake au kuwa sehemu ya mashine inayochapa, kuskani na kutoa kopi. Chini ya kioo kuna kigari, kipande kirefu chembamba kinacholala kwa upana wa kioo na kusafiri kwa urefu wake, kikivutwa na mkanda wenye meno unaozungushwa na mota ndogo. Ule mwanga unaouona ukitembea ndio kigari. Juu ya kigari kuna taa, na kuna kihisi, yaani safu ya macho madogo sana yanayopima mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiskani kwa kiwango cha kawaida cha 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, upana huo unasomwa kwa nukta zipatazo 2,480, kila nukta ikiwa na upana usiofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Chembe ya vumbi ambayo hungeiona bila kuinamia inatosha kuziba nukta moja au mbili.

Sasa fikiria mtu anayefagia uwanja wa mchanga kwa reki. Jino moja la reki likivunjika, litaacha mstari mmoja usioguswa kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, popote atakapopita. Lakini kukiwa na jiwe moja uwanjani, alama itabaki pale tu lilipo jiwe. Kigari ndiyo reki, kioo ndio uwanja. Uchafu ulio juu ya kioo cha kulazia karatasi hauwezi kutoa mstari wa urefu wote wa ukurasa, kwa sababu kigari kinaupita mara moja na kuendelea na safari. Utatoa doa, au kialama chenye umbo la uchafu wenyewe. Mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini maana yake kuna kitu kinachosafiri pamoja na kihisi, au kuna kosa ambalo kihisi kimelibeba tangu kabla ya kuanza safari.

Hilo la pili ndilo watu wengi hawalijui, na ndilo linalosababisha mistari mingi migumu.

Skana haianzi kazi kwa kusoma karatasi yako. Kwanza inajipima. Pale kigari kinapoegesha, chini ya ile fremu ya plastiki inayozunguka kioo, kumebandikwa ukanda mweupe unaotazama chini. Huwezi kuuona kutoka juu, fremu imeufunika. Kabla ya kuskani, au kila mashine inapowashwa kwa baadhi ya aina, kigari kinawasha taa chini ya ukanda huo na kila jicho la kihisi linaulizwa: weupe unauonaje? Hakuna macho mawili yanayolingana kabisa, na taa nayo haimuliki sawasawa upana mzima, hivyo majibu hutofautiana. Mashine inaandika tofauti hizo, na jicho linaloona hafifu linaongezewa nguvu ili lilingane na mengine.

Utaratibu ni mzuri, mpaka chembe ya vumbi itue kwenye ukanda huo. Tuseme jicho moja lilipaswa kusoma 240 katika kipimo cha 0 hadi 255, lakini kwa sababu ya vumbi limesoma 180. Mashine haijui habari za vumbi. Inaamini jicho hilo ni dhaifu, inaliongezea theluthi moja. Kigari kinapoondoka kwenda kusoma cheti chako, vumbi linabaki nyuma kwenye ukanda, lakini ile nyongeza inasafiri nalo jicho hadi mwisho wa ukurasa. Sehemu ya karatasi iliyostahili kusomwa 120 itasomwa 160, mstari mzima, na utauona mstari mweupe kuliko karatasi inayouzunguka.

Kuna jambo hapa linalowahusu watu wa kanda ya kati moja kwa moja. Vumbi letu lina wekundu. Wekundu unarudisha mwanga mwekundu vizuri na kumeza ule wa bluu. Skana husoma rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ina kipimo chake. Jicho lililoangalia vumbi jekundu litaona bluu imepungua sana kuliko nyekundu, kwa hiyo mashine itaongeza bluu zaidi. Matokeo yake ni mstari wenye ubluu hafifu. Mtu akiniletea skani yenye mstari wa namna hiyo baada ya miezi mikavu ya upepo, ukanda mweupe ndio ninaoushuku kwanza.

Na vumbi likitua juu ya kihisi chenyewe? Ajabu ni kwamba likiwa kidogo, huenda usilione kabisa. Jicho lililofunikwa kiasi linaona hafifu wakati wa kujipima na linaona hafifu vilevile wakati wa kusoma karatasi, kwa hiyo nyongeza inakuwa ya haki. Mstari unatokea vumbi likiwa nene kiasi cha kuziba karibu mwanga wote, au likisogea baada ya kipimo. Hapo mstari huwa mweusi au wa rangi iliyokolea, na unaonekana vizuri kwenye karatasi nyeupe.

Kabla ya kushika bisibisi, fanya majaribio machache yasiyogharimu kitu. La kwanza ni kutazama skani kwenye kioo cha kompyuta bila kuichapa. Mstari ukiwepo pale, wino hauhusiki, maana bado haujatumika hata tone. Kama mashine yako ina kitufe cha kopi, zima kompyuta au chomoa waya wake, kisha toa kopi: mstari ukitokea mahali palepale, suala la virusi limeisha pia.

Jaribio la pili ni la bahasha ya kaki. Watu hujaribu skana kwa karatasi nyeupe, nayo ndiyo inayoficha mistari ya ukanda. Karatasi nyeupe tayari inakaribia 255, hivyo hata ukiiongezea theluthi haina pa kwenda, na tofauti haionekani. Kaki iko katikati ya giza na weupe, kwa hiyo inaufichua mstari mara moja. Hii ndiyo sababu mteja mmoja anasema skana ni nzima na mwingine, mwenye picha ya pasipoti, anasema ni mbovu. Kisha skani kitambaa cheusi kisichong'aa. Mstari uliotokana na ukanda utapotea au utafifia sana kwenye weusi, kwa sababu kuongeza theluthi ya kitu kidogo mno hakuleti tofauti. Mstari unaong'aa kwenye weusi ni habari nyingine: jicho lenyewe limeharibika na linatoa ishara hata pasipo na mwanga.

La tatu ni kupata mahali hasa ulipo mstari. Chukua rula ya shule ya plastiki, ile inayopitisha mwanga, uilaze kwenye kioo kwa upana, sifuri ikigusa ukingo mmoja wa kioo, juu yake weka ile bahasha ya kaki, uskani. Kwenye picha soma mstari umepita kwenye namba gani. Rula ndiyo inayokuepusha na mkanganyiko wa kushoto na kulia, kwa sababu karatasi inasomwa ikiwa imelala kifudifudi na pande zinabadilishana. Ukishajua namba, bandika kipande kidogo cha karatasi yenye gundi juu ya fremu, upande wa kigari kinapoegesha, mkabala na namba hiyo. Uchafu uko chini ya alama hiyo.

Kufuta kioo kunasaidia wapi basi, mbona wapo wanaoapa kwamba kulimaliza tatizo lao? Hawasemi uongo. Mashine nyingi za ofisini zina kilishio juu ya mfuniko, unaweka rundo la karatasi na zinavutwa zenyewe moja moja. Karatasi ikipita huko, kigari hakitembei. Kinakaa chini ya kipande chembamba cha kioo pembeni ya kile kikubwa, na karatasi ndiyo inayopita juu yake. Hapo mambo yamegeuka: tone la gundi au la wino mweupe wa kusahihishia kwenye kioo hicho chembamba linakuwa mbele ya jicho lilelile muda wote, na mstari unatokea. Kwa hiyo kama mstari upo ukitumia kilishio na haupo ukilaza karatasi kwenye kioo kikubwa, futa kile chembamba na umemaliza. Gundi iliyokauka ilainishe kwa kitambaa chenye unyevu, kisha ikwangue kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Usitumie wembe.

Kuhusu kufuta kwenyewe, neno moja la maji. Maji ya visima ya Dodoma yana chumvi, na yakikauka kwenye kioo huacha ukungu mweupe unaoudhi kuliko vumbi. Tumia maji yaliyosafishwa, kama yale ya kuongezea betri ya gari (hakikisha ni maji, si asidi), au spiriti isiyo na rangi. Loanisha kitambaa cha miwani, usimwagie kioo. Maji yanayopenya pembeni ya fremu yanaishia kwenye ukanda mweupe, na utakuwa umejitengenezea mstari mwingine. Kusugua kioo kikavu kwa nguvu nako kunakijaza umeme tuli, na katika hewa kavu ya miezi ya Juni hadi Oktoba kioo hicho kitavuta vumbi upya kabla hujafunga mfuniko.

Nieleze sasa kazi moja kama ilivyokwenda. Dada mmoja mwenye steshenari Nkuhungu alikuwa na mashine ya kuchapa, kuskani na kutoa kopi, isiyo na kilishio. Wateja wa vyeti walilalamika, wa karatasi za kawaida hawakulalamika. Kwenye kaki mstari ulionekana wazi, mwembamba, wenye ubluu, kwenye 6.2 ya rula. Kwenye karatasi nyeupe ulikuwa wa kutafuta. Kwenye kitambaa cheusi haukuwepo. Kopi ya kitufe ilikuwa nao. Kwa dalili hizo nilimwambia tusiguse kigari kabla ya kuutazama ukanda.

Tulichomoa umeme na kungoja kidogo. Hii si adabu tu: skana za zamani zenye taa ya mrija zina kisanduku kinachokuza umeme hadi volti nyingi, na hutaki kukigusa kikiwa kimejaa. Tulichagua chumba kisicho na feni, tukafunga dirisha na kufuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu kufungua skana penye upepo ni kuiongezea ugonjwa. Skrubu za fremu zilikuwa chini ya mfuniko, mbili zikiwa zimefichwa na vibandiko vya mpira. Aina nyingine hufungwa kwa vishikizo vya plastiki pembeni, na nyingine kioo kimegandishwa kwa gundi ya pande mbili, ambazo ningemshauri mtu asiye fundi aziache. Fremu hunyanyuliwa pamoja na kioo chake, polepole, huku ukichungulia kama kuna waya unaoiunganisha na mwili wa mashine.

Tuliigeuza kifudifudi juu ya kitambaa safi. Ukanda mweupe ulikuwa pale, na pembeni yake alama nyeusi ambayo mashine huitumia kujua kigari kimefika nyumbani. Mkabala na kile kipande cha karatasi tulichobandika, kwenye 6.2, palikuwa na chembe moja nyekundu, ndogo kuliko kichwa cha pini. Basi, ni hiyo tu. Ukanda hufutwa mkavu, kwa kitambaa cha miwani, kwa mguso mwepesi. Aina nyingi ni kibandiko, maji yakiingia chini yake unavimba, na ukikunjika hata kidogo utaleta mstari mpana usioondoka. Ukipata doa lisilotoka, usijaribu kulifunika kwa wino mweupe wa kusahihishia; weupe wake si weupe wa ukanda, na mashine italiona hilo hata kama wewe huoni.

Kwa kuwa fremu ilikuwa imeshanyanyuliwa, tulikagua kigari. Katika skana nyembamba za siku hizi, zile ambazo kwenye maelezo yake kumeandikwa CIS, kihisi kinakaa karibu kabisa na kioo na kinasukumwa juu na springi. Kwenye ncha zake mbili kuna vipande vidogo vya plastiki vinavyoteleza chini ya kioo na kushika umbali sahihi. Kimoja kikianguka, upande huo wa skani unakuwa na ukungu wa maandishi, siyo mstari, kwa sababu kihisi cha aina hii hakioni vizuri kitu kikisogea mbali hata kidogo. Vyote viwili vilikuwepo. Nilipuliza safu ya lenzi kwa kipulizio cha mpira cha mkono. Kwa mdomo utatema mate, na hewa ya gereji ya kujazia matairi ina nguvu kupita kiasi na hubeba maji na mafuta ya kompresa. Pamba nayo sikuitumia, inaacha nyuzi. Nilitazama kebo bapa inayokifuata kigari kama imekaa sawa kwenye soketi yake, nikaking'oa kinyweleo kilichonasa kwenye mkanda, nikaacha grisi ya reli kama ilivyo. Reli ikiwa na tope la vumbi na grisi, ifute na upake grisi mpya kidogo sana, lakini hilo ni la kigari kinachokwama au kulia.

Tulirudisha fremu, tukawasha mashine na kuiacha ijipime. Hatua hii watu huisahau. Mashine ikibaki na kipimo cha zamani, inaweza kuendelea kuchora mstari ambao chanzo chake kimeshaondoka. Kaki ilitoka safi.

Si kila mstari utaisha hivyo. Ukiona utepe wa milimita kadhaa au zaidi, wenye kingo zilizonyooka, rangi yake ikiwa tofauti na ukurasa mwingine, hicho huenda ni kipande cha kihisi kilichokufa, maana kihisi cha CIS kimeungwa kwa vipande vingi vilivyopangwa mstari mmoja. Mstari unaokuja na kuondoka au kuhama mahali unaelekeza kwenye kebo bapa. Mistari inayokatiza ukurasa kwa upana, badala ya kushuka, haihusiani na vumbi kabisa: hiyo ni mwendo wa kigari unaogoma, mkanda uliolegea, au taa inayopepesa. Kihisi kilichokufa hakisafishiki, na kwa mashine ndogo bei ya kukibadilisha pamoja na ufundi mara nyingi huifikia bei ya skana nyingine iliyotumika.

Lakini kama ni jicho moja tu lililokufa na rula imekuonyesha liko wapi, bado unaweza kufanya kazi. Kitambulisho au cheti kidogo kilaze upande mwingine wa kioo. Cheti cha A4 kisogeze milimita chache au kigeuze kichwa chini, mstari uangukie kati ya maneno au kwenye pambizo, halafu uizungushe picha kwenye kompyuta. Bandika alama ya kudumu kwenye fremu mahali pa mstari, ili hata msaidizi wako wa dukani ajue asiweke namba ya cheti cha mtu hapo.